Jibu Lilikuwa Tano Kila Siku

Kama ungefika kwenye shule yetu ya Bwiza, mjini Bujumbura, mapema mwaka 2003, mtu wa kwanza kukutana naye angekuwa Bahizire. Alifungua geti, alipiga kengele, alijaza mapipa ya maji siku bomba lilipokubali kutoa maji, na alifagia vyumba sita vya madarasa. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti la kijivu lililobana mabega, na mfukoni mwake mlikuwa na vipande vya chaki alivyoviokota chini ya ubao baada ya sisi walimu kutoka. Nilidhani anaviokota ili atuuzie tena. Ndivyo nilivyomfikiria mwanzoni. Naliandika hili kwanza ili msomaji ajue mapema ni mtu wa namna gani anayemsimulia.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia na shahada ya hisabati, na kichwa changu kilikuwa kinawaka. Nchi ilikuwa na miaka kumi ndani ya vita. Milima ya juu ya mji ilitoa milio kila wiki, wanafunzi wa Gasenyi walichelewa kwa sababu njia ilifungwa, na serikali ilikuwa na pesa za risasi lakini si za vitabu. Nilisema hayo kwa sauti kubwa kwenye chumba cha walimu. Nilisema kwamba mtoto aliyefundishwa kufikiri hawezi kupewa panga na mtu akamwambia nani ni adui. Nililiamini, na hata leo naliamini. Ila kusema ni rahisi.

Nilifundisha darasa la saba A, watoto wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, hamsini na watatu. Darasa la saba B halikuwa na mwalimu wa hisabati. Aliyekuwepo alivuka mpaka mwezi wa Januari kwenda kwa ndugu zake na hakurudi.

Siku moja ya Februari nilitoka darasani kabla ya saa, kwa hasira. Nilikuwa nimeandika x ubaoni kwa siku ya nne, na kwa siku ya nne watoto waliniangalia kama watu wanaosubiri mvua ipite. Radjabu, kijana wa Bwiza mwenye mdomo usiofungwa, aliniuliza, "Lakini prof, hii x ni herufi. Namna gani herufi inajumlishwa na tatu? Basi tujumlishe na jina la mama yangu pia." Darasa zima likacheka. Nikamwambia anyamaze.

Nyuma ya vyoo kulikuwa na ukuta wenye kivuli. Pale walikaa watoto waliofukuzwa darasani kwa kukosa karo, ile tunayoiita minerval. Sheria ilisema warudi nyumbani. Lakini nyumbani ni wapi kama mama yuko sokoni na baba hayupo? Walikaa ukutani, na mkurugenzi wetu, Madame Béatrice, alijifanya hawaoni. Siku ile niliwakuta kumi na wawili hivi, na mbele yao alikuwa amechuchumaa Bahizire.

Alikuwa na mizani. Ilikuwa fimbo iliyofungwa kamba katikati, na kila upande ulining'inia mfuniko wa kopo la maziwa ya unga. Kando yake kulikuwa na rundo la vifuniko vya chupa za bia na viberiti kadhaa, yale maboksi madogo ya karatasi.

"Sikieni," alisema. "Iko mama mumoja anavuka mpaka na biashara. Anabeba maboksi mawili yamefungwa, na ndani ya kila boksi hesabu ni sawasawa. Na mukononi ana sabuni tatu. Mutu wa forodha anasema: mama, sema ndani iko ngapi. Mama anasema: sisemi. Anasema: basi nitafungua. Mama anasema: ukifungua utalipa boksi. Sasa afanye nini, huyu mutu wa forodha?"

"Achukue rushwa!" alisema mtoto mmoja.

"Huyo atachukua, lakini hataijua hesabu," alisema Bahizire, nao wakacheka. "Huyu wetu anapenda kujua. Iko na mizani."

Aliweka viberiti viwili vilivyofungwa na vifuniko vitatu upande mmoja. Upande wa pili aliweka viberiti viwili vitupu, vimefunguliwa ili wote waone, kisha akaanza kuongeza vifuniko kimoja kimoja.

"Vile vitupu ni vya nini, papa Bahizire?"

"Karatasi nayo ni mzigo. Naiweka pande zote mbili ili isitudanganye."

Kwenye kifuniko cha kumi na moja fimbo ililala sawa. Aliwaambia watoe vitatu kila upande. Fimbo haikuinama. Wakabaki na maboksi mawili upande huu na vifuniko vinane upande ule. Msichana mmoja, Chanelle, alisema kabla hajaulizwa: "Ine! Kila boksi iko na ine!" Bahizire hakumwambia ndiyo wala hapana. Alimpa kiberiti akifungue. Vilikuwa vinne.

Halafu alifanya jambo ambalo sikulipa uzito, na ndilo lililokuwa somo lenyewe. Aliwageuzia watoto mgongo, akajaza viberiti upya, akavifunga. "Leo ni siku ingine," alisema. "Mama ni yule yule, boksi ni yale yale, na jina lake tunaliita x kama jana. Ndani iko ngapi?" Wakapima tena. Mara hiyo ilikuwa sita. Akajaza tena. Ilikuwa moja.

Chanelle alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa amefukuzwa wiki tatu kabla, na sikuwa nimegundua kwamba kiti chake ki kitupu.

Watoto walipotawanyika nilimuuliza Bahizire alijifunzia wapi. Akajifuta vumbi magotini na kuniambia, bila kujisifu, kwamba alifundisha hisabati Uvira, upande wa Kongo, miaka kumi na tisa. Oktoba iliyopita, vita ilipoingia mjini kwao, yeye na mke wake Mawazo walitoka na nguo za mwilini, wakafika kwa miguu hadi mpaka wa Gatumba. Cheti chake kilibaki ndani ya nyumba, na nyumba iliungua. Hapa Bujumbura alikwenda shule saba kuomba kazi. Kila mahali waliomba karatasi. Ya nane ilikuwa yetu, na Madame Béatrice alimpa kengele na ufagio.

"Na chaki?" nilimuuliza.

"Chaki naokota. Mwalimu bila chaki ni mutu anayeongea peke yake, prof."

Niliwaka. Nilimwambia ni aibu kwa nchi, ni aibu kwa shule, kwamba darasa la saba B liko pale bila mwalimu na mwalimu yuko getini. Nilikwenda moja kwa moja kwa Madame Béatrice. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Callixte, unafikiri sijui? Mkaguzi anakuja wiki ijayo, Bwana Gélase. Yeye ana uwezo wa kuruhusu mtu afundishe kwa muda, karatasi zifuatiliwe baadaye. Lakini hataniamini mimi peke yangu, mimi ni mtu wa ofisi. Atataka kusikia kutoka kwa mwalimu wa hisabati aliyemwona akifundisha. Utasema?"

"Madame, nitasema mpaka nikauke koo."

Nilitoka nikamwambia Bahizire mwenyewe pale getini, mbele ya Mawazo aliyekuwa amemletea chakula. Nilimshika mkono kwa mikono miwili. Mawazo akasema, "Prof, usimupe huyu mutu tumaini kama hauna hakika. Akipewa tumaini halali."

"Mama Mawazo, nina hakika."

"Mi nalala," alisema Bahizire akicheka. "Ni yeye ndiye halali."

Kesho yake niliingia darasani na boksi. Si kiberiti, nilitaka kitu kikubwa, kinachoonekana hadi benchi la nyuma. Nilichukua katoni ya sabuni, nikatia vifuniko vitano. Mizani sikutengeneza, niliona ni kazi ya mikono, na mimi nilikuwa mtu wa mawazo. Hadithi ya mama na mtu wa forodha niliisimulia vizuri, naweza kujisifu kwa hilo. Nilibadilisha sauti, nilikunja uso, watoto walicheka mpaka darasa la jirani likaja mlangoni kuchungulia. Nikatikisa katoni, vifuniko vikalia ndani. Nikaandika ubaoni: x + 3 = 8. "Mna nini ndani?" Mikono ikapanda. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, mikono ilipanda.

Tatizo lilikuwa Radjabu. Alipita karibu na meza akachungulia ndani. Ili kumkomesha, jioni ile nilifunga katoni kwa mkanda wa gundi pande zote, nikaizungusha mara tatu. Sasa haikufunguka tena. Kwa hiyo siku iliyofuata vifuniko vilikuwa vitano, na siku iliyofuata vitano, na nilitunga hesabu zangu ziendane navyo. 2x + 1 = 11. 3x = 15. 4x − 6 = 14. Watoto walijibu haraka zaidi kila siku. Niliandika tu, hata kabla sijaweka alama ya usawa wakapaza sauti: "Tano!" Nilidhani ni akili. Nilidhani ni moto wangu umewaingia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anahesabu. Walikuwa wamejifunza kwamba x ni tano, kama walivyojifunza kwamba wiki ina siku saba.

Bahizire alipita dirishani siku ya tano na ndoo. Alisimama. Somo lilipokwisha aliniambia kwa upole, "Prof, ile katoni umeifunga sana. Kesho badilisha ndani, hata mara mbili katika saa moja. Mutoto asipoona ndani inabadilika, ataamini x ni jina la tano."

Nilimshukuru. Lakini nilichoka, mkanda ulikuwa mgumu, na kwa kweli nilichukia kidogo kuelekezwa na mtu mwenye ndoo. Sikubadilisha.

Chanelle alirudi Jumatatu. Shangazi yake alikuwa amepata minerval. Jumanne saa mbili asubuhi aliingia Bwana Gélase, mkaguzi, na Madame Béatrice nyuma yake.

Alikuwa mtu mfupi mwenye tai nyembamba na daftari. Hakukaa. Alisikiliza hadithi yangu ya mama na mtu wa forodha huku amesimama kando ya dirisha, na nikaona anatabasamu. Watoto walijibu "Tano!" mara tatu, kwa sauti ya kwaya. Kisha Bwana Gélase aliniomba chaki. Aliandika: x + 2 = 9.

"Tano!" lilisema darasa zima.

Bwana Gélase aliwageukia. "Tano na mbili ni ngapi?"

"Saba."

"Na hapa nimeandika ngapi?"

Radjabu ndiye aliyethubutu. "Wewe umekosea, msieu. Ndani iko tano. Sisi tunaijua."

"Mnaijua?"

"Tangu wiki iliyopita."

Mkaguzi alichukua katoni yangu, akaitikisa, akatazama ule mkanda, akanitazama mimi. Alikuwa ameelewa kila kitu, kosa langu lote, kwa kutazama mkanda.

Ndipo Chanelle aliponyanyua mkono.

"Msieu, ile katoni si ya hesabu yako. Katika hesabu yako boksi iko na saba."

"Kwa nini saba?"

"Natoa mbili huku, natoa mbili na kule. Inabaki boksi moja na saba. Ni sawasawa."

Bwana Gélase aliandika 3x + 4 = 25. Chanelle alikuja ubaoni. Aliondoa nne pande zote, akapata ishirini na moja, akaigawa kwa maboksi matatu. "Tena saba," alisema.

"Basi x ni saba siku zote?"

"Apana!" Alicheka, kisha akakumbuka yuko mbele ya nani, akafunika mdomo. "Umeandika vile tu. Ungeandika kumi pale kwenye ishirini na tano, ingekuwa mbili. x ni jina la mahali. Kilicho ndani kinaweza kubadilika, jina halibadiliki."

"Na kama sikuandika chochote upande wa pili? Nina maboksi matatu na vifuniko vinne, basi. Vyote pamoja ni vingapi?"

Alifikiri. Nakumbuka alifunga macho. "Ni tatu x na ine. Siwezi kusema zaidi mpaka mutu aniambie ndani. Akisema kumi, ni salasini na ine. Akisema hakuna kitu ndani, ni ine tu."

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile. Sijasikia mtoto akieleza vizuri zaidi maana ya herufi katika hesabu.

Bwana Gélase aliweka chaki chini taratibu. "Nani amekufundisha hivi?"

Chanelle aligeuza uso kuelekea dirishani. Nilifuata macho yake. Bahizire alikuwa nje, na kitambaa mkononi, amesimama wima. Mdomo wa Chanelle ulifunguka.

"Ni mbinu yangu," nilisema.

Nilisema kabla yake. Sauti yangu ilitoka imara, hata nikashangaa. Na kwa kuwa uongo mmoja haukutosha kueleza ule mkanda, niliongeza wa pili. "Tano ni mtego, Bwana Mkaguzi. Niliwaacha makusudi waamini kwamba x ni tano, ili kosa litoke hadharani na mwanafunzi mwenzao alirekebishe. Nilitaka walione wenyewe."

Bwana Gélase akaanza kuandika kwenye daftari, haraka, ukurasa mzima. "Mtego," alisema. "Safi sana, kijana."

Chanelle alirudi kwenye benchi. Hakuna mtoto aliyesema neno. Hata Radjabu. Watoto hamsini na watatu walikaa kimya, na wengi wao walikuwa wamewahi kukaa kwenye ule ukuta kwa siku moja au mbili. Walijua. Walininyamazia mbele ya mgeni kama unavyomnyamazia mzazi aliyelewa.

Saa nne tulikuwa ofisini. Madame Béatrice alieleza habari za Bahizire vizuri, bila kupamba: miaka kumi na tisa, Uvira, cheti kilichoungua, darasa la saba B linalokaa bure. "Na Prof Callixte amemwona akifundisha," alisema, akanigeukia.

Bwana Gélase alinitazama kwa heshima. Hiyo ndiyo iliyonimaliza, ile heshima. "Anafundishaje?"

Ningesema nini? Kama ningesema mizani, viberiti, mama na mtu wa forodha, angejua mara moja. Kulikuwa na njia moja tu ya kumsaidia Bahizire, nayo ilikuwa kujivua nguo mbele ya mtu aliyeniita safi. Nilitafuta njia ya pili. Haikuwepo.

"Anawasaidia watoto," nilisema. "Jedwali la kuzidisha, mambo hayo. Kwa undani zaidi siwezi kusema."

Madame Béatrice alivua miwani na kuiweka mezani, na hakunitazama tena hadi mkutano ulipokwisha.

"Basi sioni haja ya kuhangaika na mtu asiye na karatasi," alisema Bwana Gélase. "Mwalimu kama huyu anaweza kubeba madarasa yote mawili. Unganisheni."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Uhodari wangu ndio uliokula nafasi ya Bahizire. Jumatatu iliyofuata nilikuwa na watoto mia moja na wanne katika chumba kimoja, wengine wamekaa sakafuni, na taarifa ya mkaguzi ikanisifu kwa aya mbili. Niliitwa kwenye semina ya walimu ya mwezi Aprili, nikaeleze "mbinu ya mtego".

Kwa siku tisa sikupita getini Bahizire akiwepo. Nilifika mapema sana, au nilijichanganya katika kundi la wanafunzi. Yeye aliendelea kunisalimia kwa mbali, "Prof," akiinamisha kichwa kidogo, kama siku zote. Mawazo hakunisalimia. Alipomletea chakula na kunikuta uwanjani, aliweka sahani chini na kukaa akinitazama mpaka nikaingia ndani. Nilitamani anitukane.

Hotuba zangu kwenye chumba cha walimu ziliisha. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa nimesema mara mia kwamba nchi hii inakufa kwa sababu watu wanaojua ukweli hunyamaza wakati wa kuulizwa. Ukweli uliulizwa mbele yangu mara mbili katika asubuhi moja, hakuna aliyenishikia bunduki, na niliuficha mara zote mbili. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya neno "safi".

Kilichonisukuma mwishowe ni Chanelle. Siku ya kumi nilimwita ubaoni. Alikuja, akafanya hesabu, akaipata, na nilipomwambia "vizuri" alisema kwa sauti ndogo, bila dharau, "Nitamwambia papa Bahizire." Basi. Kila alichokipata alikuwa akikipeleka kwa mwenyewe.

Nilikwenda kwa Madame Béatrice na kumweleza yote. Hakushangaa. "Nilikuwa darasani, Callixte. Nilimwona mtoto alitazama wapi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikusubiri wewe. Halafu ofisini nikakusubiri tena." Alisukuma karatasi kuelekea kwangu. "Andika. Usiniandikie mimi, mwandikie yeye."

Niliandika barua kurasa mbili kwa Bwana Gélase. Niliandika kwamba mtego haukuwepo, kwamba nilikosea kwa uvivu, kwamba Chanelle alifundishwa ukutani na Bahizire, na kwamba nilidanganya mara ya pili ili kulinda uongo wa kwanza. Niliomba anipokonye saba B, ampe Bahizire. Kwenye semina ya Aprili nilisimama mbele ya walimu arobaini na kusema mbinu si yangu, ni ya mtu anayepiga kengele shuleni kwetu. Walicheka, wakidhani ni unyenyekevu. Nilirudia. Wakaacha kucheka, na mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda.

Jibu la mkaguzi lilikuja Mei. Lilikuwa na mistari mitano. Mimi nilipewa onyo, likawekwa kwenye faili langu. Kuhusu Bahizire liliandikwa kwamba shauri la mtu asiye na cheti lilishaamuliwa na haliwezi kufunguliwa katikati ya mwaka.

Nilimpelekea barua ile. Alikuwa anamwagia maji uwanja ili vumbi litulie. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, maneno niliyokuwa nimeyapanga kwa wiki kadhaa, na yakatoka ovyo. Aliisoma barua hadi mwisho, akaikunja, akanirudishia.

"Nilikuwa dirishani, prof. Nilisikia."

"Najua. Nisamehe, mzee."

Aliinamisha kopo, akamwaga maji yaliyobaki kwenye mstari mmoja ulionyooka.

"Onyo lako ni la kweli, na barua yako ni ya kweli," alisema. "Lakini mimi nilihitaji neno moja, siku ya Jumanne, saa nne. Mei, hata ungeandika kitabu, saba B imekwenda." Kisha akauliza, kama mwalimu anavyomuuliza mwalimu: "Wale mia moja na wane, wanaelewa?"

"Nusu," nilisema. "Wa nyuma hawaoni ubao."

"Wa nyuma ndio wangu wale. Wa B." Alichukua kopo akaenda bombani.

Nilirudi darasani. Watoto wa nyuma walisimama ili waone, na wa mbele wakawapigia kelele wakae.